Stika Zilizobaki Kwenye Viti

Asubuhi ile nilitoka Majengo bila kujua ninakwenda wapi. Msimu mzima wa baridi nilikuwa nimelala katika banda la wachonga vinyago, juu ya magunia ya vumbi la mbao, na kazi yangu ilikuwa kupiga msasa twiga na vifaru mpaka wang'ae. Siku hiyo nilishika kifaru mmoja, nikamgeuza huku na huku, nikaona siwezi kumsugua mwingine tena maishani. Hakuna aliyenikosea. Nilikunja blanketi langu, nikamuaga fundi, naye akaniuliza nimepata kazi wapi. Nikasema sijapata. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tezo lake.

Ndivyo nilivyokuwa wakati huo, katikati ya miaka ya tisini. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimehama kutoka kazi hadi kazi, si kwa kufukuzwa bali kwa kutaka kujua jambo jingine linafanywaje. Nikishajua, miguu inaniwasha. Lakini asubuhi hiyo hata udadisi ulikuwa umechoka. Nilitembea tu.

Nje ya ukumbi mmoja wa Pumwani nilikuta pikapu inapakiwa. Wanawake walikuwa wakiinua sufuria kubwa za pilau, za kupikia harusi, na dereva alikuwa ameketi ndani akisikiliza redio. Niliweka blanketi chini nikashika mkono wa sufuria upande mmoja. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilipakia sufuria, mifuko ya mkaa, gunia la viazi, na mwisho bunda refu la karatasi za manila zilizokunjwa kama mikeka.

"Polepole na hizo," alisema mzee mmoja aliyevaa koti. "Hizo ndizo mkutano wenyewe."

Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Alikuwa katibu wa kikundi chao, na kabla ya kustaafu alikuwa karani wa baraza la mji. Jioni iliyotangulia mafuta ya mandazi yalikuwa yamemrukia. Aliniambia yote hayo nikiwa bado nimebeba karatasi, kisha akaniuliza kama najua kuandika.

"Najua, mzee."

"Kuandika kuandika, ama kuandika jina?"

Alinipa kalamu, akanisomea sentensi kutoka gazeti la juzi, nami nikaiandika juu ya boneti ya pikapu. Aliitazama kwa muda mrefu. "Herufi zako zinasimama," alisema. "Panda. Chakula kipo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mwandishi wa kumbukumbu za mkutano ambao sikuujua, wa watu ambao sikuwajua, kwa siku mbili, katika ukumbi wa kanisa kule Donholm.

Kikundi kilikuwa cha watu wa Pumwani. Kilikuwa na nasari ya watoto, chumba kidogo cha vijana kusomea, na ziara za nyumbani kwa wagonjwa. Hizo ziara zilikuwa kazi ya wanawake kama kumi hivi, wa kujitolea, wakiongozwa na muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista. Walikuwa wakienda kwenye vyumba vya watu waliolala na ugonjwa ule ambao wakati huo tulikuwa tukiutaja kwa kuuzunguka, wakiwaogesha, wakiwageuza, wakiwapikia uji. Mfadhili wao alikuwa amewaambia wapange miaka mitatu ijayo, na wakakae mbali na Pumwani ili mtu asiitwe dukani au matangani katikati ya mazungumzo. Wao wenyewe waliuita mkutano huo ritriti.

Mwenyekiti alikuwa muuza duka wa Majengo, mtu wa sauti ya chini na kofia safi, ambaye familia yao ilitoka pwani zamani. Aliniona nimeketi karibu na katibu na daftari jipya, akauliza, "Na huyu?"

"Mkono wangu," alisema katibu.

"Karibu, mkono," alisema mwenyekiti, na watu wakacheka.

Mwezeshaji alitoka mjini, mwanamke kijana mwenye kalamu za wino mzito za rangi nne mfukoni mwa koti. Alibandika manila ukutani kwa selotepu, akaeleza tutakavyofanya. Kila mtu ataandika wazo moja kwenye kadi moja, kwa herufi kubwa. Kadi zitabandikwa, zinazofanana zitawekwa pamoja, na kila fungu litapewa jina. Majina hayo ndiyo yatakuwa mada zetu kuu. Kisha tutakubaliana mambo machache ya kutangulia, nani atayasimamia, na lini tutaangalia tumefika wapi.

Katibu aliinua mkono mzima. "Madam, nani atapendekeza na nani ataunga mkono?"

"Hakuna, mzee. Hapa hatupitishi hoja."

"Hakuna hoja?"

"Hapa tuna kamati, tuna walimu, tuna kina mama wa ziara. Hii si kamati, haina nguvu ya kupitisha kitu. Tutakubaliana kwa kuzungumza, tuandike tulichokubaliana, halafu kamati ikae kwa utaratibu wake ipitishe ama ikatae. Na tusiandike nani alisema nini. Tuandike lililosemwa."

Katibu aliniangalia kama mtu aliyeambiwa ajenge nyumba bila misumari. Aliniinamia. "Andika waliohudhuria," alininong'oneza. "Hilo haliwezi kukatazwa."

Nikaandika waliohudhuria na waliotoa udhuru. Baada ya hapo nilianza kupotea. Nilikuwa nikijaribu kuandika kila neno, na watu walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja. Mwezeshaji alipita nyuma yangu, akatazama ukurasa, akanigusa bega. "Usikimbizane na maneno. Ukisikia jambo limerudi mara ya tatu kwa watu tofauti, hilo ndilo uandike. Na wakikubaliana, wasomee wasikie. Wasipokubaliana, andika hawakukubaliana. Hilo nalo ni tokeo."

Nilipenda jambo hilo. Mpaka leo bado nalipenda. Mkutano uligeuka machoni pangu, ukawa kama mbao ambayo mtu amekuonyesha nyuzi zake zinaelekea wapi. Niliona watu wanarudia. Nasari ilirudi na kurudi: paa linavuja, watoto wamezidi, walimu wawili wameondoka. Kuwa na jengo letu wenyewe kulirudi. Na uchovu ulirudi, hata pale ambapo hakuna aliyelitaja neno lenyewe.

Kadi za kina mama wa ziara zilikuwa rahisi kutambua, kwa sababu waliziandika kama watu wanaoacha ujumbe mlangoni. GLAVU HAKUNA. MGONGO. MGONJWA ANA NJAA TUKIFIKA NA SISI TUNA NJAA. Mwezeshaji alipouliza fungu hilo lipewe jina gani, mmoja wao alisema, "Liite Kuchoka." Wakacheka wenyewe kwa wenyewe, na mwezeshaji akaandika juu yake: ZIARA ZA NYUMBANI – WANAOHUDUMU WAMECHOKA.

Jioni walirudi Pumwani kwa pikapu. Mimi nilibaki ukumbini kulinda karatasi, maana selotepu ilikuwa ikiachia, na kila baada ya muda fungu zima lingeanguka kwa kishindo kidogo. Niliokota kadi, nikazirudisha mahali pake, nikazisoma tena. Nililala kwenye benchi.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe.

Karibu na saa ya chakula, mwezeshaji aligawa stika ndogo za duara, rangi nyekundu, kila mtu ukanda wake wenye stika tatu. "Okei, ndugu zangu," alisema. "Kabla hatujala, kila mtu aende ukutani abandike stika zake kwenye mada anazoona zinatangulia. Zote tatu mahali pamoja, ama uzigawe, upendavyo."

Watu walisimama. Wakati huohuo, mlango wa jikoni ulifunguliwa na harufu ya pilau ikaingia, na nikaona kitu ambacho sikukielewa hapo hapo. Kina mama wa ziara walisimama pia, lakini hawakwenda ukutani. Walikwenda jikoni. Hawakuambizana, hawakuagizwa. Ndio waliokuwa wamepika tangu alfajiri, na chakula kikiwa tayari, mgeni akiwa ukumbini, wao hupakua. Ilikuwa hivyo kwenye kila mkutano wao, kila mazishi, kila harambee. Sista naye aliweka ukanda wake kwenye kiti, akajifunga leso, akawafuata. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na asingeweza kukaa wenzake wakibeba sahani.

Kwenye viti vyao stika zilibaki, tatu tatu, nyekundu, juu ya karatasi yao inayong'aa.

Mwezeshaji alikuwa ukutani akiwaonyesha wazee wawili jinsi ya kubandua stika kwa kucha. Hakuona. Mwenyekiti hakuona. Mimi niliona, na nilidhani watarudi.

Baada ya kula, mwezeshaji alisimama mbele ya ukuta. Nasari ilikuwa nyekundu kama mtu aliyepata surua. Jengo lilifuata, kisha chumba cha vijana. Ziara za nyumbani zilikuwa na stika moja, iliyobandikwa na dereva.

"Naona hapa kumebaki karibu patupu," alisema. "Ndivyo tunavyoona sote?"

Ukumbi ulikuwa umeshiba. Watu wengine walikuwa wamefumba macho. Sista alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ikidondosha maji ya kuoshea vyombo.

"Madam, sisi tulikuwa jikoni," alisema.

"Si mngeacha kidogo?" mwenyekiti alisema, kwa upole kabisa.

"Tukiacha, nani angepakua? Wewe?"

Watu walicheka, na dereva akasema, "Mwenyekiti akipakua nyama inaisha mstari wa kwanza!" Kicheko kikazidi, mwenyekiti naye akacheka, na nikaona hatari ya kicheko kile, kwamba jambo lilikuwa linataka kupita nacho.

Mwezeshaji hakuliacha lipite. Alisema stika si kura. Zinaonyesha tuanzie wapi kuzungumza, basi. "Tuzungumze sasa."

Tukazungumza. Mwalimu mmoja alisema ziara ni moyo wa kikundi. Mzee mmoja akasema moyo ni sawa, lakini mfadhili amesema mambo machache, na nasari ndiyo inayoonekana, mtu akija kutembelea anaonyeshwa watoto, hawezi kuonyeshwa wagonjwa. Mmoja wa kina mama akasema kama ziara hazimo kwenye mpango, hakutakuwa na glavu wala sabuni, na yeye hataingia kwenye vyumba vile kwa mikono mitupu, ana watoto. Mwenyekiti akasema hakuna anayesema ziara ziishe. Sista akauliza, "Na kuna anayesema ziendelee?"

Hapo palinyamaza. Halafu waimbaji wa kwaya wakaanza kuingia ukumbini kwa mazoezi yao, wakasimama ukutani na vitabu, wakisubiri kwa adabu ile inayokufukuza. Mwezeshaji alibandika manila mpya, akaandika juu YALIYOBAKI WAZI, na chini yake: Nafasi ya ziara za nyumbani. Hatukukubaliana. Irudi kwenye kamati. Alisoma kwa sauti. Nikaandika neno kwa neno. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba mawe, na sikuwa nimebeba kitu.

Katibu alinichukua nyumbani kwake Pumwani niandike safi. Alikuwa na chumba kimoja na meza ya chuma kutoka ofisini kwake kwa zamani, na alinilaza chini ya meza hiyo. Alisoma maandishi yangu ameyainua karibu na dirisha.

"Hizi si kumbukumbu," alisema. "Hizi ni habari."

"Ndivyo madam alivyosema, mzee."

"Madam amekwenda mjini. Mimi ndiye nitakayeulizwa." Alivuta kiti. "Andika. Kumbukumbu ya saba. Iliamuliwa kwamba ziara za nyumbani zisimamishwe mpaka fedha zipatikane. Imependekezwa na, acha nafasi. Imeungwa mkono na, acha nafasi."

Kalamu haikushuka. "Nani aliamua, mzee?"

"Kijana wangu. Watu walibandika, haikupata. Sista aliuliza nani anasema ziendelee, wakanyamaza. Kwenye mkutano, wakinyamaza wamekubali. Nimeandika kumbukumbu tangu hujazaliwa."

"Lakini hata wa kusema ziishe hakuwepo."

Aliniangalia. Hakukasirika. Nadhani alikuwa na maumivu, maana alikuwa akiushika ule mkono wa bandeji kama mtoto aliyelala. Aliniambia kwamba ukimpa mtu karatasi isiyo na uamuzi, kila mmoja ataondoka na uamuzi wake mfukoni. Alikuwa ameona vikundi vikivunjika hivyo. Hoja ni kitu kigumu, alisema, lakini angalau ukiigonga inalia. Na sikuweza kumwambia anakosea, kwa sababu hakuwa anakosea.

Basi nilifanya kitu kimoja tu. Nilikunjua zile manila kwenye sakafu yake, moja baada ya nyingine, mpaka tukawa hatuna pa kukanyaga, na ile ya mwisho nikaiweka juu ya kitanda. Hatukukubaliana. Irudi kwenye kamati. Katibu aliisoma, akapumua.

"Tukipeleka kumbukumbu zinazosema imeamuliwa," nilisema, "na kamati haijakaa..."

"Najua. Kamati itakuwa imepitishiwa kitu isichokipitisha. Najua, najua." Alinisogezea daftari. "Andika kama ilivyo hapo. Lakini iwe fupi."

Tukaandika kwa utaratibu ule mgeni: mada kuu kwanza, kila moja na maelezo yake mafupi, kisha vipaumbele vitatu tulivyokubaliana, nasari, jengo, chumba cha vijana, na kando ya kila kimoja aliyekubali kukisimamia na lini tutaangalia, kisha yaliyobaki wazi. Hapo niliongeza sentensi: Kundi la ziara halikubandika stika kwa kuwa lilikuwa jikoni likipakua chakula.

"Hilo litoe," alisema katibu. "Si mada hilo."

"Si mada. Lakini bila hilo, anayesoma ataona kazi ina stika moja, aone haitakiwi."

"Mwenyekiti hatalipenda."

"Tumuulize."

"Wewe una miguu," alisema katibu. "Kamuulize."

Duka la mwenyekiti lilikuwa kwenye kona, na alisoma rasimu amesimama nyuma ya kaunta, akipima sukari kwa mkono mmoja. Mteja akiingia anaiweka chini, mteja akitoka anaichukua tena pale pale alipoachia. Alifika kwenye sentensi yangu, akairudia.

"Jikoni," alisema.

"Ndiyo, bwana mwenyekiti."

"Wazungu wakisoma hivi, watasemaje? Kwamba sisi tunawaita wanawake kwenye mkutano, kisha tunawafungia jikoni."

"Hamkuwafungia. Walikwenda."

"Hilo ndilo huwezi kuliandika, kijana. Walikwenda. Mama yangu angekwenda. Mke wangu angekwenda. Utaliandikaje likaeleweka mjini?" Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeuliza kweli. Alichukua kalamu ya biki kutoka nyuma ya sikio, akakata mstari juu ya maneno, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri wa chuoni: kutokana na shughuli nyingine.

"Hapo sijasema uongo," alisema.

"Hapana."

"Na nimewaachia wazi. Sijawafunga. Nawe mwambie Sista hivyo."

Alinipa mkate na chupa ya soda. Niliketi kwenye kizingiti nikala, nikitazama yale maneno manne. Yalikuwa laini sana. Yalipita jichoni bila kugusa kitu.

Rasimu ilichapwa kwa mashine, ikapigwa fotokopi, na kila aliyehudhuria alipaswa kupata nakala asome, aandike marekebisho pembeni, kisha airudishe kwa katibu kabla kamati haijakaa. Posta ingechukua muda. Mimi nilikuwa na miguu, kama alivyosema. Nilizunguka Pumwani yote nikigonga milango, na watu wengi walipokea, wakatafuta jina lao kwenye orodha ya waliohudhuria, wakatosheka. Wawili walilalamika kwamba maneno yao mazuri hayakuandikwa kwa jina. Dereva alisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Niaje, mbona stika yangu haijaandikwa ni yangu?"

"Haturuhusiwi kuandika ni nani."

"Sasa nitajulikanaje nilikuwa na roho safi?" alisema, akaondoa gari.

Lakini nilisikia pia jambo jingine milangoni. Kina mama wa ziara, wote niliowafikia, walikuwa tayari wanajua. Walikuwa wamesikia sokoni, kwenye foleni ya maji, kwamba ziara zimesimamishwa. Niliwaonyesha karatasi. Haikusema hivyo. Ilisema zimebaki wazi. Mmoja, yule aliyesema hataingia kwa mikono mitupu, aliniuliza, "Wazi maana yake niende kesho ama nisiende?" Nikamwambia kamati itakaa. Akaniambia basi na yeye atakaa. Katibu alikuwa amesema kila mmoja ataondoka na uamuzi wake mfukoni, na haukupita muda.

Nakala ya Sista ilikuwa ya mwisho kwa sababu alikuwa amehama Pumwani, akaishi na binti yake huko Donholm. Nilitembea kwa Jogoo Road na jua nyuma ya shingo, nikavuka barabara ya Outer Ring, nikampata akianua nguo. Alivaa miwani akasoma amesimama, nguo zikiwa begani. Alisoma polepole. Alipofika kwenye maneno 'shughuli nyingine' alicheka kidogo kwa pua.

"Nani ameweka hii?"

"Mwenyekiti. Mimi niliandika jikoni."

"Nipe kalamu." Alikata maneno yale, akaandika pembeni: walikuwa wakipakua chakula. Akaweka jina lake chini, kama inavyotakiwa kwa marekebisho. Kisha akashuka mpaka kwenye maneno 'Irudi kwenye kamati'. Kalamu ikasimama.

"Naweza kuongeza hapa?" aliuliza. "Kwamba mpaka kamati ikae, ziara ziendelee?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Ilisemwa, Sista?"

Alifikiri. Nguo moja iliteleza begani akaidaka. "Haikusemwa," alisema. "Niliuliza tu. Hakuna aliyejibu." Akanirudishia karatasi bila kuongeza. "Kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao. Ama baada ya hapo."

"Wangapi bado wanakwenda?"

Nikamwambia nilichosikia milangoni. Aliweka nguo kwenye beseni, akavua miwani, akaketi kwenye ngazi. Alionekana mzee ghafla, na nilijilaumu kwa kumletea habari hiyo pamoja na karatasi.

"Wewe unalala wapi?" aliniuliza hatimaye.

"Kwa katibu. Lakini kazi imekwisha. Leo sijui."

"Una mgongo mzuri?"

Sikumwelewa. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wenye sabuni na vitambaa, akaniambia nichukue beseni tupu lililokuwa mlangoni. Tulitembea mpaka upande wa mtaa wa Fedha, polepole kwa sababu ya magoti yake, na njiani akanieleza. Kulikuwa na mtu, fundi wa mabomba zamani, mrefu, aliyelala kwenye chumba cha uani. Ndugu yake alifanya kazi za usiku kiwandani na mchana alilala kama maiti. Kina mama wawili walikuwa wakija kumgeuza na kumwogesha. Walikuwa wameacha kuja tangu ritriti. Yeye Sista alikuwa akijaribu peke yake, na mara ya mwisho walianguka wote wawili.

"Sikuajiri," alisema. "Hakuna wa kukulipa. Kuna nafasi ya kulala, na nduguye hupika. Asubuhi na jioni unamgeuza. Nitakufundisha. Ukichoka, uniambie kabla hujaondoka, usiondoke tu."

Chumba kilikuwa na pazia katikati. Mtu alikuwa amelala upande wa dirisha, uso kwa ukuta, na miguu yake ilikuwa imetoka nje ya godoro. Sista alimsalimu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyemkuta barabarani, akamwambia amemletea kijana.

"Anaitwa nani?" mtu aliuliza bila kugeuka.

"Utamuuliza mwenyewe. Kwanza akushike."

Alinionyesha mahali pa kuweka mikono, mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, na jinsi ya kuvuta shuka badala ya kumvuta mtu. Alikuwa mwepesi kuliko twiga wa mbao. Tulimgeuza. Aliniangalia kwa mara ya kwanza, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyesubiri upande mmoja kwa muda mrefu mno.

Karatasi ya Sista ilikuwa mfukoni, na kesho yake ningempelekea katibu pamoja na nyingine. Nilikunjua blanketi langu upande wa pili wa pazia, kwenye sakafu ya simenti. Kulikuwa na msumari ukutani. Nikatundika shati.